Sauti yangu ilivuma kama niko ndani ya pipa: jinsi nilivyotatua

Nilivaa vifaa vya kusikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 58. Mlio wa vijiko na feni ulinichosha mwanzoni, ila nilivivaa saa chache na kuongeza kila siku, ukazoeleka. Kilichogoma ni sauti yangu mwenyewe: kila nikiongea inavuma.

Nilipunguza sauti ya vifaa, nikaacha kuwasikia wajukuu. Nikasafisha nta iliyoganda kwenye vifaa kwa brashi kila asubuhi na kuacha vilango vya betri wazi usiku ili vikauke. Hayo naendelea nayo, lakini mvumo ulibaki.

Wiki ya tatu nilirudi kurekebishiwa. Mtaalamu alivizima vikiwa masikioni, akasema, "Mzee, tamka iiii." Bado ilivuma! Kumbe hicho ndicho kipimo. Mvumo ukiwepo kifaa kikiwa kimezimwa, tatizo ni tundu la sikio kuzibwa: sauti ya koo hupita kwenye mfupa na kukosa pa kutokea. Ukiisha kikizimwa, basi ni mipangilio ya kifaa ndiyo ya kurekebishwa.

Akang'oa kwenye vifaa vipira vya mpira vilivyoziba tundu la sikio, akaweka vyenye matundu. Nikatamka tena, iiii, nikaijua sauti yangu.

Vya matundu vinawafaa wanaosikia vizuri sauti nzito na kupoteza nyembamba, kama mimi. Vikipiga mluzi, rudi tena. Sokoni bado yananipita maneno mengine, na niliambiwa hivyo tangu mwanzo.