Siku moja maishani mwangu: ghala limejaa, benki hakuna kitu

Nauza madaftari na vifaa vya shule kwa jumla. Mtu akipita akaona katoni zimepangwa hadi darini, anaamini mwenye ghala hana shida ya pesa. Pesa zenyewe ndizo hizo katoni. Nyingine ziko kwa wateja wangu wenye maduka: mali wameshaiuza, lakini malipo hayajanifikia. Siku hii ni ya wiki ya kumi kabla shule hazijafunguliwa, wakati mauzo bado yamepoa na kiwanda kinataka oda ya msimu.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kufungua, kuhesabu mali na boharia, kupakia mizigo ya asubuhi, kusaini hati za kupokelea mzigo. Ndivyo kila siku inavyoanza.

Saa mbili. Ankara ya kiwanda imefika: milioni 60. Miezi ya kawaida wananipa siku 30 za kulipa. Msimu ukikaribia kila mtu anagombea mzigo, na masharti yanabadilika: nusu ya pesa nalipa siku ya kuagiza, nusu nyingine mwezi mmoja baadaye, kabla lori halijatoka kiwandani.

Nachukua kalamu nihesabu siku. Leo natoa milioni 30. Siku ya 30 natoa 30 nyingine na mzigo unaingia. Utakaa ghalani kama siku 25 kabla wenye maduka hawajaanza kuubeba, kwa hiyo wastani wa mauzo unaangukia siku ya 55. Nao wanachukua kwa mkopo wa siku 30, yaani pesa zirudi siku ya 85. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema.

Ukweli uko kwenye daftari la madeni. Nauza kwa mkopo wastani wa milioni 1 kwa siku, na leo nawadai wateja milioni 55. Gawanya: siku 55. Mkopo wa siku 30 unalipwa baada ya siku 55, kwa hiyo pesa za msimu zitarudi siku ya 110. Hizo siku 25 za ziada, kwa milioni 1 kila siku, ni milioni 25 zangu zilizolala kwa watu. Karibu zinatosha malipo ya kwanza ya kiwanda.

Saa nne. Mteja wa zamani anaingia, uso umejaa tabasamu. Hapa ndipo asubuhi yangu yote ilipoishia.

"Dada yangu, msimu ndio huo. Nataka mapema, mali ya milioni 5."

Nikamuuliza la zamani, kwani ana deni la milioni 6, na milioni 4 kati yake zimepita tarehe kwa zaidi ya mwezi. Akasema biashara ngumu. Akasema nimpe mali, auze, alipe yote kwa mkupuo. Akatoa milioni 1 taslimu, akaiweka mezani.

Nilimwambia, "Kaka, kaa kwanza," nikafungua ukurasa wake.

Nawaeleza wanaoanza kazi hii, kwa sababu ukurasa wa mteja unasema kuliko mdomo wake. Jambo la kwanza ni namna anavyolipa. Anayelipa ankara fulani hulipa kiasi chake kamili, hata kikiwa na mapeni ya ajabu mwishoni. Huyu analeta milioni 1, au laki 5, namba nzima zisizolingana na ankara yoyote, na analeta siku ile ile anayotaka mzigo. Maana yake pesa zinatoka kwenye mali niliyompa juzi, kufungulia mlango wa mali ya leo.

La pili ni deni lake lilipokuwa dogo kuliko siku zote. Nikapitisha kidole mwaka mzima: halijawahi kushuka chini ya milioni 3. Wakati wa msimu linapanda, baada ya msimu linashuka, likifika milioni 3 linagota. Hiyo milioni 3 si mkopo tena. Ni mtaji wangu unaoendesha duka lake, na hakuna siku tuliyokubaliana hivyo.

Alikasirika. Alinikumbusha tumeanza pamoja, akasema wenzangu wanatoa mali kauli bila maswali. Akatoka nje kupiga simu, akarudi, akaanza upya. Wateja wengine walisimama wakisubiri, na kijana wa kaunta alishindwa kuandika ankara mbili kwa kuwa mimi ndiye ninayejua bei za jumla. Sikumpandishia sauti, kwa sababu ni mteja mzuri wa kuuza. Tatizo lake ni kulipa. Pia nilikuwa na hesabu kichwani: katika kila 100 ninayouza, faida ni 8. Benki inataka 1.5 kwa mwezi. Akilipa ndani ya mwezi, inabaki 6.5. Akinipiga kalenda miezi minne, inabaki 2, na hapo sijalipa gari wala vibarua.

Tulimalizana hivi: milioni 4 zilizopita tarehe zilipwe kwanza, hata kwa mafungu ya kila wiki, na kila fungu atakalolipa achukue mali ya nusu yake. Deni linashuka huku duka lake halikauki. Alilipa milioni 2 jumla, akapakiwa mali ya milioni 1, akaondoka bila kuaga vizuri.

Chakula cha mchana sikukiona.

Saa nane, benki. Ofisa mikopo ni mstaarabu, lakini ananiuliza kila mwaka: unapata faida, sasa mkopo wa nini? Nikamwonyesha zile siku. Akapendekeza mkopo wa siku 90, milioni 60 kwa mkupuo. Nikakataa. Siku ya 90 mali imeisha ghalani na pesa bado ziko kwa wateja; ningelazimika kuacha kununua mali ya kila siku ili nirudishe mkopo. Niliomba miezi minne, nichukue kwa mafungu mawili kufuata malipo ya kiwanda, riba nilipe kila mwezi na mkopo wenyewe mwishoni.

Akauliza swali lililonikumbusha ya asubuhi: msimu ukipita, deni lako hapa linafika sifuri? Mkopo wa msimu usiofika sifuri umeziba pengo la kudumu, na pengo la kudumu linahitaji mtaji wako mwenyewe au mkopo wa miaka. Niliweza kumwonyesha taarifa ya akaunti, imefika sifuri na kukaa hapo.

Jioni, sijui hata ilikuwa saa ngapi, nilikuwa bado na jedwali la wiki kwa wiki: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Ninachohitaji kukopa ni shimo la wiki mbaya kuliko zote, si bei ya mzigo mzima. Kwangu ni wiki lori linapotoka kiwandani. Nina milioni 10 zangu, na nikikusanya milioni 15 za madeni yaliyopita tarehe kabla ya hapo, shimo ni milioni 35. Nitaomba 40, tano ziwe za tahadhari. Nikishindwa kukusanya, itabidi niombe 55.

Miguu inauma. Nimeandika majina ya wenye madeni ya zamani kuanzia kubwa kwenda dogo, na kesho simu zinaanza kabla sijafungua ghala, kabla nao hawajafungua maduka.