Siku moja maishani mwangu: kazi ya lishe baada ya usiku mfupi

Saa kumi na mbili asubuhi. Simu inaniamsha nikiwa nimelala kwa saa nne tu, kwa kuwa jana kulikuwa na mkesha wa msiba kwa jirani yetu hapa Pasua, na msibani hakuna anayeaga mapema. Ninatoa ushauri wa lishe katika zahanati moja mjini Moshi, kwa hiyo ninafahamu jinsi siku ya namna hii inavyokwenda ikiachwa ijiendee: asubuhi mtu hana hamu ya kula, mchana anajikaza, na kuanzia saa kumi jioni anakula kila kinachopita mbele yake. Nimeamka saa ileile ya siku zote kwa makusudi, maana kujilaza hadi saa tatu kungeufanya usingizi wa leo usiku uchelewe, na kesho ningeamka na uchovu uleule.

Saa moja. Watu wengi wanaofuata mpango wa chakula hudhani kwamba siku ya uchovu inafaa kubanwa zaidi. Mimi hufanya kinyume chake: sipunguzi chochote, bali ninahamishia sehemu kubwa ya chakula asubuhi na mchana, kabla hamu haijapanda. Leo ni mayai mawili ya kuchemsha, kikombe cha maharage yaliyobaki jana na vipande vya ndizi za kupika. Mayai hayo yana protini ya gramu 12 hivi, na maharage huongeza nyingine pamoja na nyuzinyuzi, navyo hukaa tumboni kwa muda mrefu kuliko andazi na chai ya sukari.

Saa nne. Vitumbua vya chai vimefika kutoka kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Ninakula kimoja na kunywa kikombe cha chai ya maziwa. Sina ugomvi na vitumbua.

Saa tano. Anaingia binti mmoja mwenye miaka ishirini na kitu, ambaye kazi yake ni kupokea wageni wa kampuni ya utalii katika uwanja wa ndege wa KIA. Baadhi ya ndege za kutoka nje hutua usiku, na kuna siku anafika nyumbani saa nane. Amekuja na daftari nililomwomba aandike kwa wiki mbili, na baada ya kuniamkia analiweka mezani akiwa kama mtu anayekabidhi ripoti mbaya ya shule.

"Dada, chakula ninakijua. Mpango wako ni mzuri. Tatizo ni kwamba ninaufuata mpaka saa tisa tu, halafu unavunjika."

Sikuwa nimemwomba aandike vyakula pekee. Kila ukurasa una saa ya kulala, saa ya kuamka, na saa aliyokula kitu cha kwanza kilicho nje ya mpango. Tunapoyasoma mambo hayo matatu kwa pamoja, picha inajitokeza bila maelezo mengi: siku zinazofuata usiku wa saa saba za usingizi hazina tatizo, ilhali siku zinazofuata usiku wa KIA zina soda na sambusa saa kumi jioni, kisha chipsi mayai saa nne usiku. Ukurasa mmoja una alama ya mafuta, na pembeni ameandika "nilikuwa nimeshakula ugali".

Ninamweleza kwamba hilo si suala la udhaifu wa nia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wenye afya njema muda wa saa nne tu kitandani kwa usiku mbili, kisha wakawalinganisha na hali yao walipopewa saa kumi. Baada ya usiku mfupi, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka kwa asilimia 18, na grelini, inayochochea njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Hamu iliyoongezeka zaidi ilikuwa ya vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu homoni hizo, lakini mara kwa mara zimeonyesha kwamba aliyelala kidogo hula zaidi. Kinyume chake nacho kimepimwa: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu wazima wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu, walisaidiwa kuongeza usingizi kwa zaidi ya saa moja, na ulaji wao ukapungua kwa kalori 270 hivi kwa siku bila kuambiwa wapunguze chakula.

Msongo wa mawazo huingia hapo hapo. Ndege ikichelewa na mgeni akikasirika, mwili hutoa kortisoli, na ingawa wapo wanaopoteza hamu kabisa wakiwa na msongo, wengine, huyu binti akiwa mmojawapo, hutafuta sukari na mafuta. Ninampa kipimo kimoja rahisi: hamu inapomshika ajiulize kama angekubali ugali na mchicha. Akikubali, hiyo ni njaa, na ale. Akiwa anataka chipsi tu, atembee dakika kumi au kumi na tano kwanza, kisha aamue.

Mpango wake mpya hauna chakula kipya hata kimoja. Siku ya KIA atakula mlo kamili saa moja jioni kabla ya kuondoka, na atabeba karanga na ndizi mbivu ili asimalize zamu akiwa na njaa. Siku inayofuata atakula kifungua kinywa kikubwa, na saa kumi kutakuwa na mtindi ulioandikwa kwenye mpango, kwa sababu saa hiyo atakula tu, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Mwisho ninamuuliza kama anakoroma sana au hushtuka usiku akikosa pumzi, na kama ana kiu na haja ndogo za mara kwa mara huku uzito ukipungua. Jibu la ndiyo lingempeleka kwa daktari kabla ya kwangu. Anasema hapana.

Saa saba mchana. Ndizi nyama, kachumbari, maji. Baada ya hapo ninafumba macho dakika ishirini kwenye kiti, simu ikiwa imetegwa. Nikizidisha nusu saa au nikichelewa hadi jioni, nitakuwa nimeula usingizi wa usiku.

Saa nane. Mwenzangu anapita na birika la kahawa, na hapa mlimani kuikataa kahawa huonekana kama kiburi. Ninakataa hata hivyo. Nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na leo ninataka kulala saa tatu na nusu.

Saa kumi na nusu. Nikiwa kituo cha daladala ninasikia harufu ya chipsi, na mate yanajaa mdomoni kama nilivyotarajia. Ugali na mchicha? Hapana. Ninaacha gari la kwanza liende na kutembea hadi kituo kinachofuata. Hamu haijaisha, ila imepungua kiasi cha kuniwezesha kupita.

Saa moja na nusu usiku. Mtori, sahani ya kawaida, bila kuongeza wala kupunguza kwa ajili ya kitumbua cha asubuhi. Simu inabaki sebuleni, kwa kuwa kundi la kamati ya msiba litaendelea na michango hadi usiku wa manane. Kama njaa itanishika kabla ya kulala, kuna kikombe cha mtindi. Nimetega saa ya kuniamsha saa kumi na mbili, na kuanzia kesho ninarudi kwenye mpango wangu wa kawaida, bila kufidia chochote cha leo.