Walinisikiliza nilipoanza na lita za mazuti

Mimi ni fundi umeme wa ghala la samaki wa kugandishwa hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nimeombwa mara nyingi nieleze nilivyowatoa wakubwa wangu pesa ya variateri, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, wakati kwa miaka walikuwa wakinijibu "tutaangalia". Basi naandika, na wale walionipa ushauri mbovu wasome pia.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa binamu yangu mwenye diploma ndefu. Alisema: "Wakubwa waogopeshe kwanza na ufundi, wakishaona unajua, watatia sahihi." Nikaandaa slaidi mpaka macho yakauma. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa saketi ya kompresa, ile mashine inayoleta baridi ghalani. Nikaeleza kwamba mota yetu ya kilowati 37 ikiwa inazunguka inakula ampea 70 hivi, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita au saba ya hiyo, yaani kama ampea 450 kwa sekunde chache. Jenereta ya kVA 100 inatoa ampea 144 tu. Ndiyo sababu kampuni ilinunua ile kubwa ya kVA 250, na ile ndogo ikaachwa nyuma ya ghala, kuku wa mlinzi wakaifanya nyumba yao.

Kila neno lilikuwa kweli. Mkurugenzi alianza kusoma ujumbe kwenye simu nilipofika kwenye mchoro wa tatu. Mama wa fedha alivumilia zaidi, maskini, akawa anaandika kitu, nikafurahi moyoni. Baadaye niliona karatasi yake mezani: alikuwa akipanga mishahara. Mwishoni mkurugenzi akauliza, "Sasa fundi, unalomba makuta ngapi, na ya nini?" Bei ilikuwa kwenye slaidi ya mwisho kabisa, na umeme ukakatika kabla sijaifikia. Nilisimama gizani na rimoti mkononi kama mtu aliyeshika samaki asiyejua amuuzie nani.

Ushauri wa pili ulitoka kwa rafiki wa biashara: "Toa ufundi wote, bosi hapendi ufundi." Huu nao ni uongo. Bosi anapenda ufundi sana, pale unapojibu hofu aliyo nayo. Ukiutoa wote anakuona muuzaji wa dawa za barabarani.

Nilichofanya ni kuchukua mambo yaleyale na kuyapindua. Kwanza nilihitaji faida ambayo mama wa fedha angeitambua bila mimi kumfundisha. "Ufanisi utapanda" haipo kwenye daftari lake. Mazuti ipo. Nikamwomba bono za mazuti za usiku, nikaona jenereta kubwa inakula kama lita 17 kwa saa. Kwa nini nyingi hivyo? Usiku kompresa moja na feni havifiki kilowati 50, na jenereta hiyo ina uwezo wa kilowati 200. Inakunywa kwa ajili ya kujizungusha yenyewe, na mazuti yake haiungui vizuri, ndiyo maana bomba lake la moshi lina mafuta meusi.

Kisha nikaazima variateri kwa jamaa mwenye karakana. Nikawafukuza kuku, nikabadilisha oili na vichujio vya jenereta ndogo, nikaiunga. Variateri inaongeza mwendo wa mota polepole, kwa hiyo ule mruko wa ampea 450 haupo tena. Hesabu ya mazuti ilikuwa ya kijijini kabisa: unajaza tangi hadi alama, unaacha usiku upite, asubuhi unarudisha hadi alama ileile ukipima kwa kidumu. Kompresa ileile, samaki walewale, milango imefungwa. Ilitoka kama lita 13 kwa saa.

Sentensi yangu ya kwanza niliiandika hivi: "Tukitumia jenereta ndogo tuliyo nayo tayari, tutaokoa lita 960 za mazuti kwa mwezi." Nikaenda kumjaribia dada yangu anayeuza samaki kwenye soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, asiyejua kVA ni nini. Hakuuliza variateri ni nini. Aliuliza, "Na ile ndogo ikifa usiku, samaki wangu?" Hapo nikajua sentensi ya pili iwe ipi. Jaribuni hili: msomee maneno yako mtu ambaye pesa yake imo ndani ya jambo, si fundi mwenzako. Fundi mwenzako atakuuliza habari za nyaya.

Nikampelekea mama wa fedha karatasi kabla ya kikao. Alitazama ile 960 akasema, "Papa fundi, hii umehesabu umeme ukikosekana masaa manane kila usiku. Kuna miezi unakosekana kidogo. Nikiiweka kwenye bajeti, utakuja kunifungia mlango?" Alikuwa na haki. Tukaandika: kila saa umeme ukikosekana, lita nne zinabaki tangini. Masaa anayajua yeye, bei ya mazuti anaijua yeye, azidishe mwenyewe. Na kwa sababu alizidisha mwenyewe, siku ya kikao ndiye aliyeitetea hesabu, mimi nikanyamaza.

Kikao kilikuwa na ukurasa mmoja. Juu: lita nne kila saa, ambazo kwa miezi mibaya zinapita dola elfu moja. Chini yake: ninaomba kati ya elfu tano na sita, pamoja na nyaya na kazi, nayo inarudi baada ya miezi mitano hivi umeme ukiendelea kukatika kama sasa. Halafu jibu la dada yangu: jenereta kubwa haiondoki, na kiwashio cha zamani kinabaki na swichi, kwa hiyo variateri ikigoma mlinzi wa zamu anageuza swichi na kuwasha ile kubwa kabla samaki hawajatoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwisho, mstari mmoja: vipimo na michoro viko nyuma.

Mkurugenzi alisoma akarudi juu. "Nimesikia kuna kifaa cha bei ndogo kinachowasha mota taratibu. Kwa nini si hicho?" Hapo ndipo ufundi wangu wote ulipopata kazi. Nikafungua ukurasa wa nyuma: kifaa hicho kinapunguza mruko hadi mara tatu hivi, yaani ampea 210, na jenereta ndogo ni ya 144, taa zingezimika na kompresa ingegoma kuwaka. Alielewa kwa sababu namba ile ilikuwa inalinda pesa yake. Ampea zilezile zilizomlaza usingizi mara ya kwanza!

Akauliza tena kama tunaweza kupunguza mwendo wa kompresa zaidi ili tuokoe zaidi. Nikamwambia hapana: ikizunguka taratibu mno oili haifiki kwenye bearingi, na kikomo anakitoa mtengenezaji wa kompresa, si mimi. Hilo nadhani ndilo lililomaliza kazi, maana muuzaji asingekataa. Habari za choki ya kuzuia variateri isichafue umeme wa jenereta hakuna aliyeuliza, nami sikuitaja. Ilikuwa imo ndani ya bei.

Mkurugenzi alitia sahihi mama wa fedha akiwa bado anazidisha. Sasa kila mwisho wa mwezi mama huyo ananiandikia lita kwanza, salamu baadaye, na mlinzi bado ananidai banda la kuku.