Siku moja ya fundi simu Darajani: "Imeanguka tu"

Saa 2:30 asubuhi nafungua kibanda. Nafuta meza na kuwasha taa ya kazi. Wa kwanza anataka chaja, wa pili anauliza bei na kuondoka.

Saa 3:10 anafika mama mmoja mkulima wa mwani kutoka Paje, simu kaifunga kwenye pembe ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu yangu imekufa hii, na picha za mjukuu wangu zote zimo humo."

Kioo kimepasuka kuanzia kona ya chini, na nusu ya skrini imevuja weusi kama wino. Naipigia. Inalia, inatetemeka, ila skrini haionyeshi kitu. Namwambia atulie: bodi ina uhai, na picha zimo kwenye bodi, hazimo kwenye kioo.

"Imetokea nini, mama?"

"Imeanguka tu."

"Imeanguka wapi?"

"Mchangani."

Mchanga mtupu haupasui kioo namna hii. Nachomoa kijisahani cha laini: chembe za mchanga, na ndani kile kialama cheupe kimekuwa chekundu. Kikigusa maji ndivyo kinavyobadilika.

"Maji ya bahari hayakuingia?"

Kimya. Halafu anacheka kwa haya. Maji yalikuwa yamekupwa, simu ikamponyoka, ikapiga jiwe na kutumbukia kidimbwini. Aliogopa nitaikataa. Juzi usiku akaifukia kwenye mchele, jana asubuhi akaichaji.

Hapo kwenye chaji ndipo penye balaa. Mchele hautoi chumvi, na chumvi ikibaki na unyevu kisha umeme ukapita, vyuma vinaliwa. Ningeweka kioo kipya kwa neno lake la kwanza, baada ya wiki angerudi na simu imezimika, na lawama zangu.

Saa 4 nalainisha gundi kwa hewa ya moto, nafungua mgongo, na kabla ya lolote nachomoa betri. Kwenye tundu la chaji pana ukijani. Nasugua taratibu kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 99. Ile ya dukani ya 70 ina maji mengi, siitumii hapa. Kisha naiacha ikauke, naenda kuswali adhuhuri.

Saa 8 nachomeka skrini ya majaribio. Picha ipo, tachi inaitika, chaji haiingii. Nabadilisha kibao cha chaji, inaingia. Sasa ndiyo namtajia bei ya kioo, na namwambia wazi: simu iliyoonja maji ya chumvi siipi dhamana, inaweza kugoma hata baada ya mwezi.

Anakubali, ila kwanza nihamishe picha kwenye memori kadi. Ana haki. Zinahama zote, mjukuu yupo, kavaa kofia ya babu yake.

Saa 10:30 anaondoka. Mlangoni namuuliza mchele ule kaufanyaje.

"Nimeupika jana. Walikula wote, hakuna aliyesema kitu."