Nilivyorudishiwa fedha za chaja 77: vipimo vilivyoingia kwenye barua

Katoni ilikuwa na vichwa vya chaja 100, kila kimoja kimeandikwa OUTPUT: 5V 2A, nilivyonunua kwa muuzaji wa jumla Kariakoo kwa Sh 6,500 kimoja. Vilipofika dukani Mwanjelwa nikauza 18, na ndani ya siku tisa vikarudi 7. Wateja walilalamikia jambo lilelile: simu inalala kwenye chaja usiku kucha na asubuhi haijajaa, na kichwa kinachoma mkono.

Kitu cha kwanza ni kushusha vyote 82 vilivyobaki kwenye rafu. Ukiendelea kuuza bidhaa unayoilalamikia, muuzaji wa jumla atasema umeshaikubali, na hapo atakuwa na hoja. Siku hiyohiyo nikamtumia ujumbe mfupi kwamba mzigo una tatizo, nimesimamisha mauzo, naupima na barua inakuja. Ujumbe ule wenye tarehe ulinisaidia baadaye kuliko nilivyotarajia.

Wengi wetu hukosea kwenye kupima. Mtu anachomeka simu, anaangalia kidude cha USB kinasoma ampia 0.8, anapiga picha na kuituma Dar. Picha hiyo haina nguvu, kwa sababu simu ndiyo inayoamua ivute umeme kiasi gani. Betri ikikaribia kujaa, simu inapunguza yenyewe. Ikiona volti zinashuka, inapunguza pia. Kwa hiyo 0.8 inaweza kuwa kosa la chaja, la simu, la waya, au isiwe kosa la kitu chochote. Kinachotakiwa ni kitu kinachovuta kwa kiwango kisichobadilika, na ambacho muuzaji anaweza kukitengeneza mezani kwake akapata namba zilezile.

Nilitumia rezista mbili nyeupe za saruji, kila moja omu 5 na wati 10. Moja peke yake kwenye volti 5 inavuta ampia 1. Mbili zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2.5, nazo zinavuta ampia 2, yaani kile hasa kilichoandikwa kwenye chaja. Zinapata moto sana, kwa hiyo zilikaa juu ya kipande cha kigae, si juu ya meza ya mbao. Kidude cha USB kinachoonyesha volti na ampia kilichomekwa moja kwa moja kwenye kichwa cha chaja, na rezista zikafuata baada yake. Waya wa chaja niliuacha nje kabisa. Waya mwembamba unakula volti, na ningeupima pamoja na kichwa, jibu lingekuwa “badilisha waya, bosi”.

Kuna visingizio vingine viwili nilivyotaka kuvifunga mapema. Cha kwanza ni umeme wa mikoani. Nilipima soketi kwa multimita kila nilipoanza na kumaliza: ilicheza kati ya volti 224 na 231, wakati chaja yenyewe imeandikwa INPUT: 100-240V. Cha pili ni kwamba vifaa vyangu vinasoma vibaya. Hapo dawa ni chaja ya kulinganishia, nzima, yenye maandishi yaleyale ya 5V 2A. Niliipima mwanzo, katikati na mwisho wa kazi, kwenye soketi ileile na rezista zilezile. Kama vifaa vingekuwa na kasoro, na yenyewe ingesoma vibaya.

Nilipima vyote 89 vilivyokuwa mkononi, yaani 82 vya dukani na 7 vilivyorudi. Ukipima 10 tu, utaambiwa umechagua vibovu. Kila kimoja nilikibandika selotepu ya karatasi yenye namba, kisha nikaandika volti kikiwa hakivuti kitu, volti kwenye omu 5, na volti na ampia kwenye omu 2.5 baada ya dakika moja. Ni kazi ya saa tatu na zaidi kidogo. Kipimo cha kufaulu kilikuwa kimoja: kisishuke chini ya volti 4.75 kwenye omu 2.5, kwa kuwa utaratibu wa USB unaruhusu volti 4.75 hadi 5.25 kwenye tundu la kuchajia.

Chukua chaja namba 34, ambayo inafanana na nyingi. Bila kuvuta kitu ilisoma volti 5.12, safi kabisa, na ndiyo maana dukani ukiijaribu kwa haraka huoni kasoro. Kwenye omu 5 ikashuka hadi 4.71. Kwenye omu 2.5 ikafika 4.02 na ampia 1.61. Ukizidisha unapata wati 6.5, wakati maandishi yanaahidi wati 10. Zingatia kwamba volti zikishuka, ampia zinazopita kwenye rezista zinashuka nazo, kwa hiyo andika namba zote mbili. Ukiandika ampia peke yake utaulizwa kwa nini hukufikisha 2. Niliiacha namba 34 ikivuta hivyo kwa dakika 20. Ganda lake lilifika nyuzi 78 na plastiki kando ya pini ikaanza kutoa harufu. Chaja ya kulinganishia, kwa muda uleule, ilikaa nyuzi 47 na volti 4.97. Chumba kilikuwa nyuzi 18, baridi yetu ya Julai, nami niliiandika kwenye barua kwa makusudi: chaja inayochemka hivyo Mbeya, kwenye joto la Dar itakuwa mbaya zaidi.

Moja kati ya zilizokufa kabisa niliifungua. Moja tu, kwa sababu kichwa kilichofunguliwa muuzaji ana haki ya kukikataa. Ukifanya hivyo, chomoa kwanza, kisha mwaga chaji ya kapasita kubwa kwa kuigusisha miguu yake kwenye rezista, maana inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Ndani kulikuwa na transfoma ndogo kuliko ya chaja ya ampia 1 niliyoiweka pembeni yake, na kapasita ya kutokea ilikuwa imevimba kichwa. Picha ya hizo mbili kando kwa kando ilikwenda na barua. Malalamiko ya skrini kurukaruka wakati wa kuchaji sikuyaweka kwenye hesabu, ingawa mteja mmoja aliyasema, kwa kuwa vifaa vyangu haviwezi kuyathibitisha.

Barua yenyewe ilikuwa hivi:

“Mbeya, 14 Julai 2025

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA FEDHA ZA CHAJA 77 ZISIZOLINGANA NA MAANDISHI YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 30 Juni 2025 nilinunua kwenu vichwa vya chaja 100 kwa Sh 650,000. Nakala ya risiti ya EFD na ya malipo kwa simu zimeambatanishwa. Tarehe 11 Julai niliwajulisha kwa ujumbe kuwa nimesimamisha mauzo.

Chaja zimeandikwa 5V 2A. Nimepima 89 kwa rezista ya omu 2.5, bila waya, umeme wa soketi ukiwa volti 224 hadi 231. Chaja 6 hazitoi umeme kabisa. Chaja 71 zinashuka chini ya volti 4.75, na kati ya hizo 14 zinazima na kuwaka zenyewe. Chaja 12 zimefaulu. Chaja ya kulinganishia yenye maandishi yaleyale ilitoa volti 4.97 mara zote tatu. Jedwali la namba 1 hadi 89 limeambatanishwa pamoja na picha.

Naomba kurudishiwa fedha za chaja 77, ambazo ni Sh 500,500, pamoja na Sh 10,000 nilizolipa kusafirisha mzigo, jumla Sh 510,500. Zile 12 nzima nazibakiza. Zipo 11 mikononi mwa wateja. Sizidai leo, ila yoyote itakayorudi kabla ya tarehe 14 Agosti nitaipima kwa njia hii na kuwaletea matokeo.

Nawatumia chaja 5 kwa basi ili mpime wenyewe: namba 8, 34 na 61 ni dhaifu, namba 19 imekufa, namba 52 ni nzima. Zilizobaki zipo dukani, hazijafunguliwa isipokuwa namba 77. Naomba jibu kabla ya tarehe 25 Julai. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, lakini ningependa tulimalize sisi wenyewe kwa kuwa nategemea kuendelea kununua kwenu.

Wenu katika biashara.”

Namba 52 niliituma kwa sababu. Muuzaji akipima zote akakuta mbovu, anaweza kuhisi ameletewa taka. Akikuta namba 52 inasoma 4.90 kama jedwali linavyosema, anaamini na namba 34. Na sikudai zile 12 nzima wala zile 11, maana ukidai usichokithibitisha, atashika hicho hicho kubishania vyote.

Siku ya nne alipiga simu. “Bosi, huko kwenu umeme mdogo.” Nikamwomba afungue ukurasa wa pili, penye volti za soketi, kisha fundi wake aunganishe rezista mbili za omu 5 na aipime namba 34 hapo hapo. Baada ya saa moja hivi alituma picha: 4.05. Tofauti ya 0.03 na yangu ni ya kawaida kati ya vidude viwili.

Alitaka kunibadilishia kwa chaja nyingine za katoni ileile. Nilikataa, kwa sababu 77 mbovu kati ya 89 si bahati mbaya ya vichwa vichache, ni namna toleo zima lilivyotengenezwa. Fedha za chaja ziliingia kwa mafungu mawili, Sh 300,000 na Sh 200,500. Zile Sh 10,000 za usafiri alizikataa, nami nikaziacha, ila tulikubaliana kwamba nauli ya kurudisha mzigo ni yake. Chaja 73 zilipanda basi baada ya fungu la pili kuonekana kwenye simu, nami nikabaki na orodha ya namba zote iliyosainiwa na mpokea mizigo. Kati ya zile 11, zilirudi 8 kabla ya tarehe 14 Agosti. Zote zilishindwa kwenye omu 2.5, akazilipa kwa jedwali lilelile.