Kovu limehama

Jana jioni mwanangu wa mwisho kajipiga selfi barazani na fulana yake ya shule, sekunde mbili tu kaja mbio na simu, "Mama, mbona imenigeuza? Kabla sijabonyeza nilikuwa hivi, sasa hivi niko vile!" Simu yetu kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo wakati unajipanga, ila ukishapiga inaitunza picha vile watu wanavyokuona, ndo maana maandishi ya fulana yakasomeka. Nikamjibu juujuu akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki pale na harufu ya tapentaini puani, ambayo haikuwepo.

1997, Mwanga, Kigoma, banda la Mjomba. Mjomba alikuwa anachora mabango ya saluni na maduka, na majina ya maboti kule Kibirizi, mimi nina miaka 16 nasafisha brashi na kujaza rangi ndani ya herufi alizochora yeye. Siku hiyo mvua imeshika tangu asubuhi, kazi za nje hakuna, nikamwambia Mjomba nataka kujichora mwenyewe. Hakucheka. Akashusha kioo cha mteja wa saluni kilichokuwa kinasubiri kuandikwa, akakiegemeza ukutani usawa wa macho yangu, akanipa kipande cha hadibodi na kiti.

Nikaanza. Kichwa kikatoka kidogo, kama cha mtoto. Nikafuta, nikarudia, kidogo tena. Mjomba akaja na kipande cha sabuni ya mche, akasema, "Fumba jicho moja, usitikisike, zungushia uso wako hapo hapo juu ya kioo, kuanzia utosini mpaka kidevuni." Nikazungushia. Akaleta rula. Duara lile lilikuwa sentimita 11. Halafu akanipima kichwa chenyewe, 22. Nusu kamili! Akaniambia nirudi nyuma hatua mbili, jicho moja limefumbwa vilevile, na uso ukawa bado unaenea ndani ya duara lilelile, haukupungua. Nilisimama pale na mvua inapiga bati, nasogea mbele, narudi nyuma, uso hautoki kwenye sabuni. Sababu yake ni kwamba yule wa kiooni yuko nyuma ya kioo umbali sawasawa na wewe ulio mbele yake, kwa hiyo kioo kiko katikati yenu siku zote, na kitu kilicho katikati ya njia kinashika nusu ya ukubwa. Anayeanza kujichora ananakili ile nusu bila kujua.

Akanionyesha na lingine. Kila ukigeuka kutazama ubao halafu ukarudi kwenye kioo, kichwa kinahama kidogo, na baada ya saa nzima unakuwa umechora watu watatu tofauti. Dawa yake ni alama. Tulichora msalaba wa chaki ukutani nyuma yangu, kila nikirudi nahakikisha ncha ya sikio inagusa ule msalaba kabla sijaweka brashi.

Nilimaliza siku ya tatu. Jumapili nikapeleka Ujiji kwa Bibi.

Bibi aliushika ule ubao kwa mikono miwili, akausogeza mlangoni penye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaweka kidole juu ya nyusi, pale nilipochora kovu, kovu la kuanguka kwenye mwembe nikiwa darasa la pili, yeye ndiye aliyeniosha damu siku ile. Akanigeukia, akaweka kidole hichohicho kwenye nyusi yangu ya kushoto. Akarudi kwenye picha. "Mwanangu, kovu limehama. Huyu wa kwako analo kulia. Huyu namfahamu, lakini siye wewe."

Nilijitetea kwamba ndivyo ninavyojiona kila siku. Akanijibu taratibu, "Mimi sijawahi kukuona hivyo."

Miaka mingi baadaye, chuoni Dar, nikakutana na picha ya mchoraji Van Gogh aliyojichora Januari 1889 na bandeji sikioni baada ya kujikata, mwalimu akauliza sikio gani limekatwa na darasa zima tukajibu la kulia, maana ndivyo picha inavyosema. Kumbe alijikata la kushoto. Alijitazama kiooni na akaacha vile kioo kilivyompa. Nikamkumbuka Bibi mpaka nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo.

Kuanzia hapo nikawa nawatazama watu waliojichora wenyewe kwa jicho hilo moja. Kuna mtawa wa karne ya 12 huko Ujerumani, Rufillus wa Weissenau, alijichora ndani ya herufi kubwa R ya kitabu alichokuwa anakipamba, ameshika brashi anaipaka rangi herufi yenyewe, na jina lake liko juu yake. Uso wake ni uso wa mtu yeyote tu. Kwake kujitambulisha ilikuwa jina na kazi, sura haikuwa na maana hiyo, na mimi niliyekuwa najaza herufi za mabango namwelewa sana. Halafu 1484 Albrecht Dürer, aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa Ujerumani, akiwa kijana wa miaka 13 anajichora, na baadaye anaandika juu ya karatasi kwamba amejinakili kutoka kwenye kioo angali mtoto. Sura na kioo vimeshaingia hapo, anavitaja mwenyewe.

Ila aliyenishika zaidi ni Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Ile picha yake ya uzeeni iliyoko kwenye jumba la Kenwood, London, yenye maduara mawili nyuma, ilipigwa eksirei ikaonekana kwamba mwanzoni alichora brashi mkono wa kushoto, yani vile kioo kilivyomwonyesha. Kisha akabadilisha, akahamisha brashi na ubao wa rangi, na mikono ikabaki mistari michache tu ya haraka. Uso hakuugeuza. Kwa hiyo mikono ni ile watu waliyoiona, uso ni ule alioujua yeye peke yake.

Na mimi ndicho nilichofanya, bila kujua kwamba kuna mtu kanitangulia. Jumatatu ile nilirudi bandani, nikafunika kovu kwa rangi ya ngozi, nikachora lingine upande wa pili. Bibi alipoletewa akasema sasa ndio wewe, akatundika. Mimi kila nikiitazama namwona mtu ambaye hayupo kiooni na hayupo mtaani, pua imeegemea upande huu na kovu liko upande ule. Sijui mpaka leo kama nilimpa Bibi ukweli au nilimpa alichotaka.

Mpiga picha Samuel Fosso angekuwa hana shida hii. Alifungua studio ya picha Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na vipande vya filamu vilivyobaki baada ya wateja alijipiga mwenyewe, amevaa vizuri, akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu yuko salama. Filamu haigeuzi kama kioo. Bibi yule alimpata mjukuu wake vile anavyomjua.

Ule ubao wa hadibodi ninao mimi tangu Bibi atutoke. Usiku, mtoto alipolala, niliutoa kabatini nikauwekea mwanga wa simu kutoka pembeni, karibu kabisa na ubao. Rangi niliyofunikia imesinyaa kidogo, na chini yake kovu la kwanza limeinuka, unaweza kulipapasa kwa kidole.