Salim Wawili na Ochieng' Mmoja: Nilivyopanga Majina ya Filamu

Filamu fupi tuliyoipiga Kisumu, mtaani Kaloleni na ufukweni Dunga, ina mazungumzo ya Kiswahili na Kijaluo, na mtayarishaji alitaka manukuu ya Kiingereza na ya Kiarabu. Nilianza na majina kabla ya kutafsiri mstari wowote, kwa kuwa jina likibadilika sura katikati ya filamu, mtazamaji hudhani ameingia mhusika mpya.

Niliandaa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu, wala si kwa kila jina. Sababu yake ilikuwa Salim. Tulikuwa na wawili, mvuvi na shemeji yake, na kwa herufi za Kilatini hawatofautiani hata kidogo. Nilipomuuliza mwandishi wa mswada, alieleza kwamba mvuvi ni سالم, mwenye alifu baada ya sini, na shemeji ni سليم, mwenye ya kabla ya mimu. Habari hiyo haipatikani katika maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo sharti iulizwe. Ndivyo ilivyo pia kwa «dh» yetu, inayobeba herufi tatu za Kiarabu: ذ, ض na ظ. Anayegeuza herufi moja moja ataandika Ramadhani kwa ذ, na Mwarabu yeyote atashtuka, maana jina ni رمضان.

Majina ya Kijaluo yalikuwa na ugumu wa kinyume, kwa sababu hayana asili ya Kiarabu ya kurejea. Kwa Ochieng' nilivutiwa na چ, ambayo maandishi ya kale ya pwani yetu huitumia kwa «ch», lakini Mmisri huisoma karibu na «j». Nikachagua أوتشينغ. Sauti ya «ng'» haikupata herufi yake hapo, na nadhani ni afadhali kuikubali hasara hiyo kuliko kubuni alama ambayo mtazamaji hajawahi kuiona.

Katika manukuu ya Kiingereza niliacha Hamisi awe Hamisi, si Khamis, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na mtazamaji anamsikia. Kwa Kiarabu akawa خميس. Orodha ya majina ya mwisho wa filamu niliipa safu yake peke yake, kwa kuwa pale jina ni mali ya mwenyewe: mwigizaji aliyetia sahihi Ramathan kwenye mkataba anabaki Ramathan, hata kama mhusika wake anaandikwa Ramadhani.

Ukaguzi wa mwisho niliufanya kwa kutafuta `Ochieng` bila ritifaa katika mafaili yote ya `.srt`, kwani ritifaa iliyonyooka (') na iliyopinda (’) ni alama mbili tofauti kwa kompyuta, na anayetafuta moja hataiona nyingine. Kisha maalimu mmoja wa madrasa akanisomea safu ya Kiarabu kwa sauti, nami nikilinganisha kila jina na lilivyotamkwa na waigizaji.